Neno "Bora" Halipandi Mizani

Biashara ni matangazo, wanasema, na kwa kauli hiyo tumeyaharibu matangazo yenyewe. Angalia matangazo ya mahindi ya jumla yanayozunguka kwenye simu za watu wa Likasi, Fungurume na Lubumbashi. Mara nyingi kichwa hujengwa hivi: "MAHINDI BORA SANA GREDI 1, MIFUKO 600, BEI NZURI, KARIBUNI WOTE." Maelezo ya chini yake hurudia kichwa kwa maneno mengine: mahindi safi, makavu, mazuri, ya kuaminika, piga simu sasa. Ukimuuliza aliyeandika, atakujibu kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Atasema kichwa ni cha kuvuta macho, kwamba hesabu huja baadaye kwenye simu, na kwamba mnunuzi atakuja kuona mzigo kwa macho yake.

Madalali wanashikilia rai hii, na vijana wanaoviandikia vyama vya wakulima matangazo wanaifuata. Hata baadhi ya wanaofundisha biashara ya mtandaoni wanaieneza. Naipinga. Kwa mahindi yanayouzwa kwa meka sokoni haina madhara, kwa sababu mama anayenunua anayashika mkononi, anang'ata punje moja, anaamua. Kwa mzigo wa tani 30 inamuumiza muuzaji. Tangazo lisilo na kipimo huacha maswali yote yajibiwe siku ya kupakia, na siku hiyo mwenye mizani, lori na pesa ni mnunuzi.

Chukua Mulungwishi, ambako watu wengi wa nje wanakujua kwa misheni ya Wamethodisti na chuo kikuu chake. Iko kwenye barabara itokayo Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi, barabara ileile ya malori ya madini. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili hivi, kwa hiyo mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, na kiangazi chote kinachofuata ni msimu wa kuuza. Wanunuzi wakubwa ni wenye viwanda vya unga wa bukari na wale wanaopelekea majiko ya kambi za migodi chakula. Watu hawa hawatafuti mahindi mazuri. Wanatafuta tani kadhaa zenye unyevu fulani zitakazofika kwa bei fulani kwa kila tani ya unga, na kila mmoja ana matangazo kumi mbele yake. Anayepigiwa simu kwanza ni yule ambaye tangazo lake linaweza kupigiwa hesabu kabla ya simu.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo rai ya "tutaelewana kwenye simu" inapovunjika mapema. "Mifuko 600" inasikika kama hesabu kamili, lakini haina uzito wowote. Zambia, jirani anayetulisha Katanga miaka mingi, mfuko wa mahindi wa kawaida ni wa kilo 50. Kenya hesabu ya gunia ni kilo 90. Tanzania ni kilo 100, na huko Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana kwa miaka na lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kichwa cha ziada ili mkulima atoe zaidi kwa bei ileile. Basi mifuko 600 ni tani 30 kwa mmoja, tani 54 kwa mwingine, tani 60 kwa wa tatu. Mnunuzi akija na mifuko yake mirefu na wewe uliandika "mifuko" tu, huna pa kusimama. Lumbesa huzaliwa kwenye neno "gunia" lililoachwa bila kilo.

Dawa yake ni fupi: tani kwanza, mfuko baadaye. "Tani 30, mifuko 600 ya kilo 50." Na iwe uzito halisi wa nafaka, bila mfuko. Mfuko mtupu wa plastiki iliyofumwa una uzito wa gramu mia moja hivi. Kwa mifuko 600 hiyo ni kilo 60, zaidi ya mfuko mmoja mzima wa mahindi. Asiyeandika "uzito halisi" atakuta kilo hizo zinakatwa na mtu mwingine, kwa makadirio ya mtu huyo. Andika pia uzito unaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani, na kiasi kidogo kabisa utakachokubali kuuza. Bila hilo, atakuja mwenye gari dogo kukuchagulia mifuko 40 ya mbele iliyo safi na kukuachia 560 ya nyuma.

Hapa watetezi wa rai ile wana hoja yao ya kwanza ya maana: kiasi kikiachwa wazi, kinaacha nafasi ya kupatana. Sikatai kupatana. Lakini bei hupatanwa kwa kitu kinachojulikana. Kisipojulikana, kinachopatanwa si bei, ni kitu chenyewe, na kila dakika lori linapongoja barabarani nguvu ya mwenye shamba inapungua.

Gredi ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko yote. Kwenye matangazo yetu "gredi 1" imekuwa sifa tu, ndugu yake "bora" na "safi". Mnunuzi wa jumla anaisoma kama ahadi yenye namba. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na jumuiya hiyo ina kiwango cha mahindi kiitwacho EAS 2, toleo la 2017. Kina madaraja matatu. Takataka, yaani vitu visivyo mahindi, zisizidi asilimia 0.5 kwa daraja la 1, asilimia 1 kwa la 2 na 1.5 kwa la 3. Punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2, 4 na 6. Punje zilizoliwa na wadudu zisizidi 1, 3 na 5. Kuna makundi mengine pia, kama punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zisizokomaa, lakini haya matatu yanatosha kuonyesha jambo. Unyevu hauna madaraja: usizidi asilimia 13.5 kwa wote.

Jambo lenyewe ni hili: mzigo hupewa daraja la kipimo chake kibaya kuliko vyote. Mahindi yasiyo na takataka hata moja, lakini yenye asilimia 5 ya punje zilizovunjika, ni daraja la 3. Sifa haziwezi kujumlishwa na kugawanywa. Kwa hiyo anayeandika "gredi 1" kwa sababu mahindi yake ni meupe na yanang'aa ameahidi mambo mengi ambayo hajayapima.

"Lakini mkulima wa kijijini atapima kwa nini? Ana maabara?" Hoja hii ya pili nimeisikia mara nyingi, na nusu yake ni kweli. Nusu isiyo ya kweli ni hii: sehemu kubwa ya daraja hupimwa kwa bambo, kitambaa cheupe na mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Tuseme chama cha wakulima Mulungwishi kina mifuko 600 ghalani. Kwa mizigo inayozidi mifuko 100, kanuni inayofundishwa sana ni kuchukua sampuli kwenye idadi ya mifuko iliyo sawa na kipeuo cha pili cha mifuko yote. Kwa 600 hiyo ni mifuko 25. Ichaguliwe bila mpangilio, ya juu, ya chini, ya ukutani na ya katikati, kwa sababu ya mlangoni ndiyo iliyopangwa kwa ajili ya wageni. Bambo likishatoboa mifuko yote 25, nafaka iliyotoka inachanganywa vizuri, inagawanywa nusu kwa nusu mpaka ibaki gramu 200.

Gramu hizo humwagwa kwenye kitambaa, na mikono miwili yenye subira inatenga. Tuseme takataka zimetoka gramu 1.6, punje zilizovunjika gramu 6.2, zilizoliwa na wadudu gramu 3. Kwa kuwa asilimia moja ya gramu 200 ni gramu 2, hesabu ni nyepesi: takataka asilimia 0.8, zilizovunjika 3.1, za wadudu 1.5. Zote tatu zimepita mpaka wa daraja la 1, zote tatu zimo ndani ya daraja la 2. Makundi yaliyobaki yakiwa ndani pia, mzigo ni daraja la 2, na kazi yote imekula asubuhi moja.

Unyevu unahitaji kifaa. Kipima unyevu kinaweza kununuliwa na chama au kuazimwa, na ndicho kifaa kinacholipa haraka kuliko vyote, kwa sababu maji huuzwa kwa kilo na hukatwa kwa kilo. Tani 30 zenye unyevu wa asilimia 16 zina tani 25.2 za mahindi yasiyo na maji. Zikikaushwa hadi asilimia 13.5 zinabaki tani 29.13. Kilo 870 hivi, karibu mifuko 17, zimekwenda na hewa. Mnunuzi mwenye kifaa anaijua hesabu hii na atakata zaidi ya hapo, kwa sababu yeye ndiye atakayelipia ukaushaji, na mahindi yenye unyevu wa 16 huota ukungu ghalani. Kilichoandikwa "makavu kabisa" hakitakusaidia kubishana naye. Kilichoandikwa "unyevu 13.1, kipimo cha tarehe fulani" kitamfanya atoe kifaa chake, apime, na mbishane kwa namba mbili badala ya namba moja iliyo mikononi mwake.

Nusu ya kweli ya hoja ya maabara ni sumukuvu. Haionekani, hainuki, wala jicho la fundi haliwezi kuihukumu. Kiwango kinataka isizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, kwa kila daraja. Mzigo usiopimwa sumukuvu haujatimiza kiwango chote, hata kama kitambaa cheupe kimeusifu. Tangazo la haki linasema hivyo waziwazi: daraja hili ni la vipimo vya macho, mizani na unyevu, sumukuvu haijapimwa, mnunuzi anakaribishwa kuchukua sampuli kabla ya malipo. Wapo wanaodhani sentensi hiyo inafukuza wateja. Mwenye kiwanda makini hafukuzwi nayo, maana angepima hata ungemwapia. Anayefukuzwa ni yule aliyetaka kupokea mzigo kwanza na kuleta malalamiko baadaye.

Lakini EAS 2 si msahafu. Mnunuzi wa Zambia hutumia viwango vya kwao, Shirika la Kongo la Udhibiti, OCC, lina kazi yake ya ukaguzi, na kambi ya mgodi inaweza kuwa na masharti yake yenyewe, makali zaidi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mahindi, CXS 153 cha 1985, kinaruhusu unyevu hadi asilimia 15.5, pointi mbili nzima juu ya cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo neno "daraja la 2" likisimama peke yake halina maana kamili mpaka useme ni daraja la 2 la nani, na namba zako zifuate chini. Mnunuzi asiyeijali EAS atazisoma namba na kuziweka mwenyewe kwenye kiwango chake.

Sasa hoja yao ya tatu, na hii ndiyo inayouma: "Ukiandika daraja la 2, umejishusha. Jirani ataandika la 1 kwa mahindi yaleyale na simu zitalia kwake." Zitalia, ndiyo. Kisha lori litafika. Dereva au mkaguzi atachoma bambo lake, atapata asilimia tatu za punje zilizovunjika, atakunja uso na kusema: "Tata, uliandika la kwanza. Hili si la kwanza." Kuanzia hapo bei inayozungumzwa si bei ya daraja la 2. Ni bei ya mtu aliyekamatwa, na wakulima wamekwisha kutoa mifuko nje, na dalali anataka jambo liishe. Aliyeandika la 2 na kuwa na la 2 anauza la 2 kwa bei ya la 2. Daraja lililotiwa chumvi halipandishi bei. Linampa mnunuzi sababu ya kuishusha, na linampa katika saa ambayo muuzaji hawezi tena kusema hapana.

Asili nayo imegeuzwa pambo. Muuzaji huandika jina la mahali lenye sifa, au mahali mzigo ulipo, au mahali alipo yeye. Hayo ni mambo matatu, na mnunuzi wa jumla anataka la nne: shamba lilikolimwa. Ukisoma "mahindi ya Kasumbalesa", umeambiwa jina la mpaka wa forodha. Huenda yametoka Zambia, huenda yamevuka kutoka mbali zaidi, huenda ni mchanganyiko wa mabaki ya misimu miwili. Kwa mnunuzi kila jibu lina gharama yake ya ushuru, karatasi na hatari.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame wake kuwa janga la taifa, na mahindi yaliyozoea kuvuka kuja kwetu yakawa adimu. Katika mwaka wa namna hiyo "mzigo uko Zambia" na "mzigo uko Mulungwishi" si tofauti ya ladha. Mmoja unaweza kupakiwa kesho na mwingine unaweza usivuke kabisa. Na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ilipofungua tena siku chache baadaye, iliweka masharti: muagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haikuzidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kitaje wilaya mahindi yalikolimwa. Nchi peke yake haikutosha. Aliyekuwa na kumbukumbu za mashamba alipitisha mzigo; aliyekuwa amenunua hapa na pale akachanganya ghalani alibaki na mahindi yasiyo na kwao.

Kwa hiyo "Mulungwishi" iandikwe tu kama mzigo wote umelimwa huko, na mwezi wa mavuno ufuate, kwa kuwa mahindi ya mwaka jana yaliyokaa ghalani mwaka mzima ni bidhaa nyingine hata kama shamba ni lilelile. Kama chama kimeongezea mifuko ya vijiji vya mbali, ama mizigo itenganishwe, matangazo yawe mawili, au iandikwe kwamba ni mchanganyiko na uwiano wake utajwe. Nani atajua, watauliza. Mchanganyiko hujionyesha: ukubwa wa punje hutofautiana mfuko kwa mfuko, unyevu unaruka kutoka 12 hadi 15 kati ya mifuko miwili iliyoshikana, na punje zenye matundu ya fukusi hukutwa kwenye rundo moja na si jingine. Mkaguzi aliyechoma mifuko 25 hahitaji kuambiwa.

Tukirudi kwenye kichwa kile cha mwanzo, tukiondoa "bora sana", "bei nzuri" na "karibuni wote", kinabaki na nafasi ya kusema jambo. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa katikati, kwa hiyo la muhimu litangulie: zao na aina yake, daraja na kiwango, tani, mahali lilipolimwa. "Mahindi meupe daraja la 2 (EAS 2), tani 30, Mulungwishi." Ni chini ya herufi sitini pamoja na nafasi zake. Neno "meupe" si la mapambo, kwa sababu kinu cha unga wa bukari hakitaki ya njano na kiwanda cha chakula cha kuku hakijali. Herufi kubwa hazihitajiki.

Maelezo yafuate kwa utaratibu uleule, bila kurudia kichwa:

"Mahindi meupe makavu ya chakula, yote yamelimwa Mulungwishi, yamevunwa Mei 2025. Tani 30 uzito halisi, mifuko mipya 600 ya kilo 50. Uzito unaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 2. Sampuli ya mifuko 25, kipimo cha tarehe 12 Julai: unyevu 13.1, takataka 0.8, punje zilizovunjika 3.1, zilizoliwa na wadudu 1.5, zote kwa asilimia. Sumukuvu haijapimwa, mnunuzi anaweza kuchukua sampuli kabla ya malipo. Kiasi cha chini tani 10, bila kuchagua mifuko. Bei ni ya mzigo uliopakiwa kwenye lori Mulungwishi. Usafiri ni wa mnunuzi."

Sentensi mbili za mwisho ndizo madalali watakazozichukia zaidi, na ndizo ziokoazo pesa nyingi zaidi. Bei isiyosema inaishia wapi huishia mahali mnunuzi anapotaka, na mahali hapo mara nyingi ni langoni pa kiwanda chake.

Watasema tangazo hili ni kavu. Ni kavu kweli, na linapaswa kuwa kavu kuliko mahindi. Wanaolisoma ni watu wenye kikokotoo mkononi, na baadhi yao watalipita kwa sababu walitaka daraja la 1 au tani 100. Wapite. Simu hizo zingekula mchana mzima wa katibu wa chama na kuishia patupu. Atakayepiga simu amekwisha kujua daraja, uzito, shamba na mahali pa kupakia. Kilichobaki kuzungumzwa ni bei na siku. Na lori likifika, mkaguzi wake akichoma bambo na kupata 3.3 mahali ulipoandika 3.1, mzigo bado ni daraja la 2 na bei bado ni ileile mliyopatana. Chama kitakachobaki na "bora sana" nacho kitauza, ila kwa bei itakayotamkwa na mwenye lori.